Kikokotoo na miezi iliyopotea: pensheni ya mwanamke (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilivyounganishwa mwaka 2018 na kuzaa PSSSF, ambayo makao yake makuu yapo hapa Dodoma. Leo tuingie ndani ya kikokotoo chenyewe, tukitafuta ni wapi hasa mwanamke anapoachwa nyuma.

Tangu kanuni za mwaka 2022, pensheni hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, kisha kugawa kwa 580. Kitu cha kwanza ni idadi ya miezi ambayo mwanachama amechangia. Cha pili ni wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora kuliko yote ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Mtu ambaye wastani huo ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi, kila mwezi aliochangia humwongezea shilingi 2,000 katika pensheni yake kamili. Akiwa na miezi 360, pensheni kamili ni shilingi 720,000 kwa mwezi. Hapo ndipo hukatwa sehemu ya kulipwa kwa mkupuo, na inayobaki hulipwa kila mwezi maisha yake yote.

Kikokotoo hakimuulizi mtu jinsia. Mwalimu wa kike wa Kongwa na mwenzake wa kiume wa Bahi, wakiwa na miezi ile ile na mshahara ule ule, hupata fedha ile ile. Tena wanawake kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo malipo ya kila mwezi yasiyokoma yana thamani kubwa kwao. Pengo basi haliko kwenye hesabu. Liko kwenye tarakimu mbili zinazoingizwa humo, hasa ile ya miezi.

Nasema hivi kwa sababu mjadala wetu wa miaka yote umekuwa juu ya mkupuo. Mwishoni mwa mwaka 2018 watumishi walilalamikia asilimia 25 hadi Rais Magufuli akasimamisha utaratibu ule. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024 ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Ulikuwa mjadala wa haki. Lakini asilimia hizo zinagawa mkate uliokwisha kuokwa. Mwenye miezi michache hugawiwa mkate mdogo, hata kisu kiwekwe wapi.

Chukua mfano ambao familia nyingi za Dodoma zitautambua. Mwanamke amezaliwa Julai 1980. Machi 2008 anaajiriwa na kampuni binafsi Dar es Salaam na kuanza kuchangia NSSF. Mwaka 2016 Serikali inatangaza kuhamia Dodoma, na mume wake, mtumishi wa wizara, anahama. Mwishoni mwa Aprili 2017 mke anaacha kazi ili amfuate. Ana miezi 110 ya michango. Miaka inayofuata analea watoto Nkuhungu na kuuza vitenge, bila kuchangia popote. Julai 2023, akiwa na miaka 43, anapata ajira ya ualimu serikalini na kuingia PSSSF.

Mume kwa miaka yote hiyo hakupoteza hata mwezi mmoja. Mke amepoteza 74. Kwa mshahara tuliotaja, miezi hiyo ni shilingi 148,000 za pensheni kamili ambazo hatazipata kila mwezi uzeeni. Uamuzi wa kuhama ulikuwa wa nyumba nzima, ila gharama yake imeandikwa kwenye jina moja tu.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi ni lazima awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Aliyepungukiwa hulipwa fedha za mara moja, na habari imeishia hapo. Mwanamke wetu akistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, miezi yake ya PSSSF itakuwa 144. Akiitazama hiyo peke yake, hana pensheni. Akisubiri hadi miaka 60, itakuwa 204. Tangazo la ajira serikalini linapotaka umri usiozidi miaka 45, mantiki yake ni hiyo: kutoka 45 hadi 60 ni miezi 180 kamili, bila nafasi ya kuteleza.

Kinachomwokoa ni kanuni ya kujumlisha vipindi vya uchangiaji. Miezi 110 ya NSSF na 144 ya PSSSF huhesabiwa pamoja katika kutimiza sharti la 180, hivyo hata akistaafu na miaka 55 amekwisha kuvuka. Lakini miezi ile ya zamani haina budi kuwa na ushahidi. Namba ya uanachama ya NSSF ihifadhiwe, majina yafanane na ya kwenye kitambulisho cha taifa (wengi hubadili jina wanapoolewa, na hapo ndipo taabu huanzia), na taarifa ya michango ichapishwe mapema. Aliyezichukua fedha zake alipoacha kazi amezichukua pamoja na miezi yake.

Ile taarifa ya michango isomwe mwezi kwa mwezi. Ukiona hati ya mshahara inaonyesha makato lakini kwenye taarifa mwezi huo ni mtupu, mwajiri amekata bila kupeleka. Wanawake wengi wa mji huu wako kwenye hoteli, maduka na shule binafsi, mahali ambapo mikataba ni mifupi. Kugundua miezi mitupu baada ya miaka 12, mwajiri akiwa amefunga biashara, ni kuchelewa mno.

Na ile miezi 74? Leo NSSF inapokea waliojiajiri, kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Muuza vitenge wa Sabasaba, mkulima wa zabibu wa Hombolo au mke aliyemfuata mumewe anaweza kuendelea kuchangia. Ajue tu kwamba mchango mdogo unalinda miezi zaidi kuliko kiwango: 30,000 ni asilimia 20 ya kipato cha 150,000. Na kwa kuwa mishahara inayotazamwa ni ya miaka kumi ya mwisho, mshahara mnono wa mwaka 2017 hautamsaidia anayestaafu mwaka 2040. Hata hivyo ningependa familia inayohama iliweke jambo hili mezani siku ile ile inapopanga fedha za uhamisho: mchango wa mama uendelee, na ulipwe kutoka mfuko wa nyumba.

Upande wa sheria, likizo ya uzazi yenye malipo, siku 84 au 100 kwa waliojifungua mapacha, haikati michango kwa kuwa mshahara unaendelea. Likizo bila malipo ndiyo inayokata. Ujerumani hutatua hili kwa kumhesabia mzazi miaka mitatu ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu mwaka 1992, na Serikali ndiyo inayolipia. Sisi hatuna kifungu kama hicho. Kwa maoni yangu tungeanza na kidogo: mwaka mmoja kwa kila mtoto, uhesabiwe walau katika kutimiza ile miezi 180. Gharama yake kwa mfuko ingekuwa ndogo, kwa sababu mwaka huo usingeongeza kiasi cha pensheni. Ungemfungulia mlango tu mwanamke mwenye miezi 170.

Wiki ijayo: mjane na pensheni ya warithi.