Kwa nini mashine ya kukoboa mpunga imekataliwa: barua kwa wanachama

Ndugu wanachama,

Mmeshasikia kwamba bodi imelikataa pendekezo la kununua mashine ya kukoboa mpunga. Hesabu iliyowekwa mezani siku ile niliiandaa mimi, kwa hiyo ni haki yenu kuipata kutoka kwangu mkiwa na nafasi ya kuisoma taratibu na kuihoji.

Hoja ya walioleta pendekezo ina uzito. Kila msimu mpunga wetu unatoka hapa kwetu ukiwa na maganda yake, unakobolewa Igurusi au Ubaruku, na mwenye mashine anabaki na malipo ya kukoboa pamoja na pumba. Walitaka fedha hiyo ibaki kwetu. Nami naitaka ibaki.

Pendekezo lilitaja bei ya mashine tu, Sh milioni 78. Mashine haifanyi kazi ikiwa imekaa kwenye sanduku. Inahitaji banda lenye sakafu ya zege, mizani, na umeme wa njia tatu, ambao kwetu maana yake ni kuvuta laini na kufunga transfoma. Tulipojumlisha yote tulifika Sh milioni 130. Akiba tunayoweza kuitoa bila kugusa fedha za mbolea ni milioni 30, hivyo milioni 100 zingekuwa mkopo. Kwa riba ya asilimia 9 na muda wa miaka mitano, marejesho ni takriban Sh milioni 25.7 kila mwaka. Ongeza mishahara ya fundi, msaidizi na mlinzi, bima, leseni na matengenezo, jumla inakuwa karibu Sh milioni 45.7 kwa mwaka. Fedha hiyo inadaiwa hata mwezi ambao hakuna gunia hata moja lililoingia bandani.

Sasa tuangalie mashine ingeingiza nini. Tani moja ya mpunga hutoa wastani wa kilo 620 za mchele. Tukitoza Sh 80 kwa kilo tunapata Sh 49,600, na pumba laini inaongeza kama Sh 10,000. Toa umeme, roli za mpira zinazolika na vibarua wa kubeba, jumla yao Sh 22,000. Kinachobaki ni Sh 37,600 kwa tani. Ili kufikia zile milioni 45.7 tunahitaji kukoboa takriban tani 1,215 kila mwaka.

Msimu uliopita ghala letu lilipokea tani 420. Kwa mashine ya tani moja na nusu kwa saa, hiyo ni kazi ya siku 35 tu. Baada ya hapo mashine inasimama na mkopo unaendelea. Pengo la mwaka wa kwanza lingekuwa karibu Sh milioni 30, na ukiligawa kwa wanachama wetu 312 kila mmoja anabeba Sh 96,000. Mzigo huo sikuweza kuupendekeza.

Wapo waliosema tani zitakuja mashine ikishafungwa. Nililipima hilo kwa makini kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu lingekuwa kweli jibu lingebadilika. Mavuno ya wanachama wote, kwa taarifa mlizotoa wenyewe, ni kama tani 1,090. Hata yakija yote hayafikii kiwango, itabidi tuwavute wasio wanachama kutoka kwa wenye mashine waliokwisha kulipa madeni yao na wanaoweza kushusha bei wakitaka. Na hayatakuja yote. Tani 670 zinazotukosa haziendi kwa madalali kwa sababu hatuna mashine. Zinauzwa shambani Mei na Juni, kwa lumbesa, kwa sababu mkulima anadaiwa mbolea na trekta na dalali amekuja na fedha taslimu. Mwenye deni la wiki hii hawezi kusubiri mchele ukobolewe, upangwe daraja na upate mnunuzi.

Kwa hiyo tunachopungukiwa ni fedha ya kumlipa mwanachama malipo ya awali siku anapoleta mpunga. Kwa bei ya Sh 900 kwa kilo, kuzilipia tani hizo 670 asilimia 60 tu kunahitaji takriban Sh milioni 362. Ni fedha nyingi, lakini ni mkopo wa miezi michache ambao dhamana yake ni mpunga wenyewe ukiwa ghalani, na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 imeweka njia ya kuupata. Mkopo wa mashine ungetufunga miaka mitano. Vilevile ungevuka ukomo wetu wa madeni, na ukomo huo haupandishwi na bodi: hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Kuna jambo lingine tuliloligundua wakati wa uchunguzi, na kwangu ndilo lenye fedha ya karibu zaidi. Tulichukua kilo 100 za SARO 5 kutoka kwa kila mmoja wa wanachama wawili na kuzikoboa kwenye mashine ileile, siku ileile. Mpunga wa kwanza ulivunwa kwa wakati na kuanikwa juu ya turubai, ukigeuzwa mara kwa mara hadi unyevu ukafika asilimia 14. Ulitoa kilo 65 za mchele, chenga zikiwa kilo 6. Wa pili ulichelewa shambani, ukaanikwa chini kwenye jua kali na kulala nje kwenye umande. Ulitoa kilo 59, chenga kilo 17, na mawe juu yake. Kwa bei ya Sh 2,200 mchele mzima na Sh 1,200 chenga, tofauti ni Sh 24,200 kwa kila kilo 100 za mpunga. Gharama yote ya kukoboa kiasi hicho haifiki Sh 5,000. Mwanachama wa pili amepoteza juani karibu mara tano ya fedha tuliyotaka kumwokolea kwa mashine.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Punje ikikaushwa kwa pupa, nje hukauka kabla ya kiini, ikinyweshwa tena na umande inapasuka ndani ya ganda. Menya punje chache kwa vidole, zishike dhidi ya mwanga. Ukiona mstari mwembamba umekata punje kwa upana, hiyo itavunjika kwenye mashine yoyote, ya Igurusi au yetu.

Bodi imeridhia mambo matatu kwa msimu ujao. Tutanunua maturubai na vipima unyevu viwili, na mpunga unaozidi asilimia 14 utaanikwa tena kabla ya kupimwa. Tutaomba mkopo wa malipo ya awali kupitia stakabadhi. Na tutatafuta mkataba na mwenye mashine mmoja atukobolee kwa bei ya jumla, pumba ikiwa mali yetu. Ghala likipokea tani 900 kwa misimu miwili mfululizo, nitalirudisha pendekezo la mashine mwenyewe, safari hii kwa mashine ndogo zaidi na yenye kitoa mawe, maana iliyopendekezwa haikuwa nacho.

Daftari la hesabu liko ofisini. Anayeona tarakimu yoyote si sahihi aje nayo kwenye mkutano mkuu, tuipitie mbele ya wote.

Wenu katika ushirika,

Afisa Fedha