Ujazo wa mtungi kutoka kwenye picha

Mtungi wa udongo uliopasuka hauwezi kujazwa maji ili tujue ulikuwa ukichukua lita ngapi. Hata ulio mzima, ukiwa ndani ya kabati la vioo la makumbusho, hakuna atakayekuruhusu kuumiminia maji. Picha yake, hata hivyo, inatosha. Wanaakiolojia wamezoea kukadiria ujazo wa vyungu vya kale kutokana na mchoro wa ubavu wake tu, yaani ule mstari unaopanda kutoka kitakoni, ukatanuka tumboni na kubana shingoni. Ubavu huo ukizungushwa mzunguko mmoja kamili kuuzunguka mhimili ulio katikati, unachora mtungi mzima.

Kazi ina sehemu mbili: kuutoa mstari huo kwenye picha bila kuupotosha, kisha kuamua umbo likatwe vipi ili vipande vyake vihesabike. Wengi hukimbilia hesabu, na kumbe makosa makubwa huwa yameshaingia siku ya kupiga picha.

Tuanze basi na picha. Mpigapicha akisogea karibu sana, kamera haioni ukingo halisi wa mtungi. Inaona mahali ambapo mwanga unapita ukigusa tumbo, na mahali hapo pako mbele kidogo ya katikati, upande wa kamera. Matokeo yake ni kwamba tumbo linaonekana pana kuliko lilivyo. Chukua chombo cha mviringo kama tufe, chenye nusu kipenyo cha sentimita 15, kikipigwa picha kutoka sentimita 60: nusu kipenyo kitaonekana kimeongezeka kwa takriban asilimia 3, na ujazo utaongezeka kwa karibu asilimia 10. Rudi nyuma hadi mita 3, uvute picha kwa lenzi, na kosa hilo linashuka hadi karibu sehemu moja tu katika mia nane.

Rula nayo ina mahali pake. Isimamishwe ubavuni mwa mtungi, umbali uleule na katikati yake kutoka kwa kamera. Ukiiegemeza mbele ya tumbo, rula itakuwa karibu na kamera kuliko mhimili, itaonekana ndefu kuliko inavyostahili, na mtungi utapimwa mdogo. Kwa mtungi uleule wa nusu kipenyo cha sentimita 15, hata ukiwa mita 3 mbali, kuiweka rula mbele kunapunguza kila kipimo kwa asilimia 5. Kwa kuwa ujazo unategemea urefu, upana na kina kwa pamoja, kosa hilo linajizidisha mara tatu na kukupunguzia karibu asilimia 14 ya maji. Kamera iwe kwenye kimo cha katikati ya mtungi, isielekee juu wala chini.

Sasa tuseme picha ni safi. Rula ya sentimita 30 imechukua pikseli 1,500, kwa hiyo kila sentimita ni pikseli 50. Usihangaike kuutafuta mhimili kwa macho. Pima upana kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, ugawe kwa pikseli 50, kisha ugawe kwa 2. Hapo umepata nusu kipenyo cha nje. Toa unene wa ukuta, tuseme sentimita 1, ubaki na nusu kipenyo cha ndani, maana maji hayakai ndani ya udongo.

Mtungi wetu una kimo cha ndani cha sentimita 32. Tuukate kwa mikato ya kulala, tupate visahani vinane vyenye unene wa sentimita 4 kila kimoja. Kwa kila kisahani tunapima nusu kipenyo katikati ya unene wake. Kutoka chini kwenda juu tunapata sentimita 7, 11, 13, 14, 14, 12, 9 na 6. Ujazo wa kisahani kimoja ni pai mara nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, mara unene:

V = π × r² × h

Vipeo vya pili vya namba zetu ni 49, 121, 169, 196, 196, 144, 81 na 36. Jumla yake ni 992. Zidisha kwa unene wa 4, kisha kwa pai, upate takriban sentimita za ujazo 12,470, yaani lita 12 na nusu hivi.

Mitego miwili inangoja hapa. Wa kwanza ni ule ukuta. Ukisahau kutoa sentimita 1 peke yake, jumla ya vipeo inakuwa 1,172 badala ya 992, na mtungi unadaiwa kuchukua lita 14.7. Sentimita moja ya udongo imezaa zaidi ya lita 2 za maji ambayo hayapo. Mtego wa pili ni wa mtu anayetaka kufupisha njia: anatafuta wastani wa nusu vipenyo vyote, anapata 10.75, kisha anauhesabu mtungi kama silinda moja. Atapata lita 11.6, pungufu kwa zaidi ya robo tatu ya lita. Sababu ni kwamba tumbo pana linabeba maji mengi kupita kiasi cha upana wake. Nusu kipenyo kikiwa mara mbili, maji ni mara nne. Lazima kwanza upandishe kila namba kwa kipeo cha pili, ndipo ujumlishe.

Wazo hili la kukata umbo vipande vyembamba lilimshughulisha mnajimu Johannes Kepler katika mji wa Linz, nchini Austria. Mwaka 1613, alipokuwa akioa kwa mara ya pili, alinunua mapipa ya mvinyo, akamwona muuzaji akipima kila pipa kwa kutumbukiza fimbo kupitia tundu la ubavuni hadi pembe ya mbali ya chini, kisha akisoma bei kwenye fimbo ileile bila kujali umbo la pipa. Kepler hakuridhika. Mwaka 1615 alichapisha kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa na maumbo mengine yanayozaliwa kwa kuzungusha mstari.

Visahani viliufaa mtungi kwa sababu mkato wa kulala uliukata ubavu wa kulia mahali pamoja tu, na karibu kila mahali uliukata wima wima. Sasa angalia keki ya tundu, ile inayookwa kwenye chombo chenye bomba katikati. Ikate kisu kimoja kutoka tunduni hadi nje, uipige picha sura ya mkato, rula ikiwa imelala juu ya sura hiyohiyo. Mstari wa juu wa keki unapanda kutoka kwenye tundu, unafika kileleni, kisha unashuka kuelekea nje. Mkato wa kulala utakutana nao mara mbili, kwa hiyo kila kisahani kitakuwa pete yenye nusu kipenyo cha nje na cha ndani. Hilo linahesabika. Tatizo lenyewe liko kileleni, ambako mstari karibu umelala sambamba na mkato. Hapo, kosa la milimita moja kwenye kimo linaweza kusogeza nusu kipenyo kwa sentimita nzima, na picha haina jibu la uhakika la kukupa.

Badala yake tunakata wima, sambamba na mhimili. Kipande chembamba kilichosimama umbali fulani kutoka katikati, kikizungushwa, kinakuwa ganda linalofunika ganda lingine kama matabaka ya kitunguu. Ganda hilo ukilipasua na kulikunjua linakuwa bapa: urefu wake ni mzingo, upana wake ni kimo cha keki mahali pale, na unene wake ni ule wa kipande:

V = 2 × π × x × h × t

Hapa x ni umbali kutoka mhimili, h ni kimo, t ni unene. Keki yetu inaanza sentimita 3 kutoka katikati na kuishia sentimita 12. Tuigawe maganda sita yenye unene wa sentimita 1.5. Katikati za maganda ziko kwenye sentimita 3.75, 5.25, 6.75, 8.25, 9.75 na 11.25. Vimo kwenye picha, kwa mpangilio huo, ni 6, 9, 9, 8, 7 na 4. Zidisha kila umbali kwa kimo chake: 22.5, 47.25, 60.75, 66, 68.25 na 45. Jumla ni 309.75. Zidisha kwa 1.5, kwa 2 na kwa pai, upate sentimita za ujazo 2,919, karibu lita 2.9.

Linganisha ganda la kwanza na la mwisho. La mwisho ni fupi, kimo chake ni 4 tu dhidi ya 6, lakini limebeba keki mara mbili ya la kwanza, kwa kuwa linazunguka mbali zaidi. Ndiyo maana si sahihi kuchukua eneo la sura ya mkato, ambalo hapa ni sentimita za mraba 64.5, na kulizidisha kwa mzingo wa katikati ya upana, yaani sentimita 7.5 kutoka mhimili. Ungepata 3,039, ziada ya 120, kwa sababu keki hii imenenepa zaidi upande wa tundu. Papo wa Aleksandria alijua kanuni iliyo sahihi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: zidisha eneo kwa mzingo unaopitiwa na kitovu cha uzito cha sura hiyo. Kata sura ya keki kwenye kadibodi, itafute pointi inayosawazika juu ya ncha ya penseli, na utaikuta kwenye sentimita 7.2 hivi. Jibu linarudi kwenye 2,919.

Kwa hiyo kinachoamua kati ya visahani na maganda ni mstari ulio kwenye picha. Chagua mkato unaokutana nao mara moja na kuupitia kwa pembe kubwa, uepuke mkato unaoteleza juu yake. Umbo moja linaweza hata kuhitaji njia zote mbili. Kitako cha mtungi wetu ni mviringo, na pale chini kabisa ukuta umelala. Kisahani cha kwanza, ambacho ndani yake nusu kipenyo kinakua haraka kutoka sifuri, ndicho chenye mashaka kuliko vyote. Kigawe kuwa visahani vyembamba zaidi, au ukihesabu kwa maganda peke yake.

Mtungi ukiwa mzima na mwenyewe akikubali, upime pia kwa jagi la lita moja, ukijaza hadi mstari uleule ulioishia kwenye picha. Kisha hesabu picha hiyohiyo kwa njia zote mbili. Visahani na maganda vikipishana sana, kosa liko kwenye hesabu au vipande ni vinene mno. Vikikubaliana huku maji yanasema vingine, rudi kwenye picha: angalia rula ilisimama wapi, kamera ilikuwa umbali gani, na unene wa ukuta ulipimwa au ulikisiwa. Na ikiwa mtungi umefinyangwa kwa mkono, ugeuze robo mzunguko, upige picha ya pili, na mahali pa kipeo cha pili cha nusu kipenyo uweke zao la nusu vipenyo viwili ulivyopata. Vyungu vingi vya mkono si duara kamili, na picha ya upande mmoja haiwezi kulijua hilo.