Sentimita Sita za Kijito

Ukiuliza kijito cha milimani kina maji kiasi gani, wenyeji watakuonyesha kwa mguu: masika yanafika gotini, kiangazi hayapiti kifundo. Jibu hilo linamtosha anayetaka kuvuka. Lakini kijiji kinachotaka kuyashusha maji hayo kwa bomba kinahitaji kujua ni lita ngapi zinapita kila sekunde, na hilo linaweza kujulikana kwa bamba la chuma na rula.

Bamba hukatwa pengo la umbo la V lenye pembe ya nyuzi 90, kisha husimamishwa wima kukatisha kijito ili maji yote yapite ndani ya pengo hilo. Aliyelifanyia majaribio pengo la namna hii katikati ya karne ya 19 ni James Thomson, mhandisi wa Belfast. Uzuri wake ni kwamba maji yakipungua, njia nayo inazidi kuwa nyembamba. Kwenye pengo la mraba maji machache hutandaa yakawa utando usiopimika kwa rula. Kwenye V, maji hayohayo hujikusanya katika ncha ya chini na kina chake kinaonekana.

Ukingo wa pengo uwe mwembamba, milimita 1 au 2, na kama bamba ni nene, lichongwe mshazari kwa upande wa chini. Pembeni na chini ya bamba hushindiliwa udongo wa mfinyanzi, kwa sababu maji yanayopenya huko hayahesabiki. Nyuma ya bamba maji yatulie kama bwawa dogo, na mbele yake yaruke na kuanguka huru, hewa ikipita chini yake. Ukiona maji ya mbele yamepanda hadi kwenye ncha ya V, inua bamba.

Wengi hukosea wanapopima kina. Huchomeka rula ndani ya pengo lenyewe, na hapo maji yameshaanza kuinama yakielekea kuanguka. Kina halisi kinapatikana nyuma, mbali na bamba kwa angalau mara nne ya kina chenyewe. Mwaka mzima maji yakifika sentimita 15, basi sentimita 60 nyuma zinatosha. Hapo hupigiliwa kigingi chenye rula, na sifuri ya rula iwe usawa mmoja na ncha ya V, si chini ya kijito. Usawa huo unapatikana kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, uleule mafundi ujenzi wanaotumia kupatia usawa wa msingi.

Hesabu yake inafanyika kwenye kikokotoo cha simu. Ikiwa h ni kina kwa sentimita na Q ni lita kwa sekunde:

Q = 0.0138 × h × h × √h

Tuseme mwisho wa kiangazi rula inasoma 6. Sita mara sita ni 36. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani 2.45, upate 88. Zidisha kwa 0.0138. Jibu ni lita 1.2 kwa sekunde. Masika yakiingia, rula inasoma 12. Kina kimeongezeka mara mbili tu, lakini maji yamefika lita 6.9, karibu mara sita. Ndiyo maana kosa dogo la rula linauma: ukisoma 11 badala ya 12, umepoteza karibu moja ya tano ya maji yote.

Kina kikishuka chini ya sentimita 5, maji huanza kung'ang'ania bamba yakiteleza juu ya chuma badala ya kuruka, na hesabu haiaminiki tena. Hapo tumia ndoo. Ndoo ya lita 20 ikikingwa chini ya pengo linalotoa lita 1.2 itajaa kwa sekunde 16 au 17. Ikichukua muda tofauti sana na huo wakati rula inasoma 6, kagua kama kuna maji yanayovuja pembeni, takataka kwenye V, au tope lililojaa nyuma ya bamba.

Lita 1.2 kwa sekunde ni zaidi ya lita 100,000 kwa siku. Nusu ikiachiwa kijito na walio chini, zinabaki lita 50,000. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo maji hayo yanatosha watu 2,000, mradi liwepo tangi la kukinga yanayoingia usiku. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa rula ya masika, utawaahidi maji watu zaidi ya 11,000. Bomba litajengwa, na mwezi wa Septemba mabomba yatakauka. Soma rula mwaka mzima, lakini panga mradi kwa namba ndogo kuliko zote ulizoandika.