Salamu za Pongezi kwa Kwaya Iliyotoka Mashindanoni

Kwetu Uchaggani, kwaya ikirudi kutoka mashindanoni hupokewa kwa vigelegele, lakini pongezi zenyewe husubiri Jumapili. Baada ya matangazo mzee mmoja wa kanisa husimama na karatasi, kwaya nayo husimama, na usharika mzima hutulia kusikiliza. Safari hii karatasi hiyo niliandika mimi. Vijana wetu walikuwa wametoka mashindano ya jimbo wakiwa na nafasi ya pili, na baraza la wazee likaniambia, "Mama, wewe uliyekwenda nao, wewe ndiye uwaandikie."

Asiyezijua taratibu za Kilutheri aelewe kwamba mitaa huunda usharika, sharika huunda jimbo, na majimbo huunda dayosisi. Kwaya inayofika jimboni imekwisha kushindanishwa nyumbani. Huko jimboni kila kwaya iliimba wimbo wa kupangiwa, ambao ni mmoja kwa wote, kisha wimbo wake yenyewe. Wimbo wa kupangiwa ndio kipimo hasa. Karatasi ni ileile, nota za solfa ni zilezile, kwa hiyo kinachobaki kupimwa ni namna mlivyojiandaa.

Salamu za pongezi zinazosema tu "mmeimba vizuri, mmetutoa kimasomaso" hazimtoshi mtu aliyefanya mazoezi miezi mitano. Mwimbaji anataka kujua kama jasho lake lilionekana. Kwa hiyo nilianza na herufi moja, herufi "m".

Katika wimbo ule kulikuwa na neno "mchungaji". Kwa Kiswahili neno hilo lina silabi nne, m-chu-nga-ji, na ile "m" ya mwanzo ina nota yake peke yake. Kwaya nyingi huanguka hapo. Wengine huimeza wakaimba "chungaji", wakawa wamewahi nusu pigo mbele ya wenzao. Wengine huipa irabu wakasema "muchungaji". Mwalimu wetu aliwafundisha kufunga midomo, kuishika nota puani kwa muda wake kamili, kisha kuifungulia "chu" wote pamoja. Nilikuwepo jioni waliyoimba neno hilo moja mpaka taa ya chemli ikaanza kufifia. Siku ya mashindano, ile "m" ilitoka kama mlio wa nyuki mmoja mkubwa, nikamwona jaji wa katikati akiinua uso kutoka kwenye karatasi yake.

Jambo la pili nililoliandika ni kushuka kwa sauti. Wimbo wenyewe do yake ilikuwa F, na uliimbwa bila kinanda. Mwalimu anacho kile chuma chenye meno mawili kinachotoa sauti ya A. Hukigonga kwenye goti, hukiweka karibu na sikio, na kwa kuwa A ni mi pale do inapokuwa F, huteremka kimyakimya mi, re, do, ndipo huipa kila sauti nota yake. Wimbo ukiisha hukigonga tena. Mi ya kwaya ikiwa chini ya mi ya chuma, wameshuka. Januari walikuwa wakishuka karibu nusu nzima ya sauti kabla ya ubeti wa mwisho, na wao wenyewe hawakujua, kwa sababu watu wanaoshuka pamoja hawasikii kwamba wameshuka.

Hakuwakaripia, alitafuta pa kuanzia. Akagundua kwamba alto walikuwa na mstari wenye nota moja inayorudiwa mara sita, na kila wakiirudia ilizidi kulegea kidogo. Waimbaji wa tena nao waliishiwa pumzi mwisho wa mstari, na nota ya mwisho isiyo na pumzi haikai mahali pake. Alto akawaambia kila marudio wayafikirie kama ngazi wanayopanda, ingawa nota ni ileile. Wale wa tena aliwapangia kupokezana kuvuta pumzi, huyu hapa, yule pale, ili mstari usikatike. Ilichukua wiki nyingi. Siku ya mashindano, walipomaliza, jaji alibonyeza kinanda. Kilikubaliana nao.

Lakini ningeandika muziki peke yake, ningeacha nusu ya habari. Kwaya kwetu ni kama ukoo wa pili. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina daftari la mahudhurio na faini ya kuchelewa. Mwanakwaya akifiwa, wenzake ndio wa kwanza kufika na kuni na ndizi. Nidhamu ya jukwaani inaanzia kwenye daftari lile. Kwaya iliyozoea kufika saa kumi kwa sababu imesema saa kumi huingia jukwaani bila kusukumana. Majaji huanza kuandika mkiwa bado mnatembea. Walituona tukiingia kwa mistari mitatu, bila anayetazama pembeni kutafuta mama yake kwenye umati, na baada ya nota ya mwisho hakuna aliyeshusha mabega mpaka mkono wa mwalimu uliposhuka.

Mwezi wa tatu kulitokea jambo ambalo nililiombea ruhusa kabla ya kulitaja. Kijana mmoja wa besi alikosana na mwalimu mbele ya watu, akasusa mazoezi majuma mawili. Aliporudi alishika jani la isale. Mchagga anajua maana yake: anayekujia na isale ameomba msamaha, nawe hukatai. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza pamoja na karatasi za nota, akasema, "Haya, mstari wa nane, besi." Hakuongeza neno. Yule kijana alisimama pembeni kabisa mwa mstari wa nyuma, mahali pa mtu anayeanza upya, na wiki ile alifika kabla ya wote.

Hapo ndipo nilipomtaja mwalimu mwenyewe. Mwalimu wetu wa kwaya halipwi. Mchana ana shamba lake la kahawa na migomba kama sisi. Jioni huandika nota kwa mkono, sauti nne, nakala kwa kila mstari, maana mashine ya kunakili iko mbali na kila ukurasa una bei yake. Wengi wanaoshika kwaya hupenda kuonekana wakiongoza, mikono ikiruka huku na huku. Yeye mkono wake hauendi juu ya bega. Nimemtazama kwa karibu: kidole gumba na cha shahada vikikutana, konsonanti inakatika, vikiachana polepole, sauti inakua. Waimbaji hulazimika kumtazama, na kwa kumtazama wanakuwa kitu kimoja. Nilimwandikia hivi: "Mwalimu, umetufundishia watoto wetu kusikilizana kabla ya kusikika. Asante, Mungu akuongezee."

Nilisoma yote hayo nikiwa na kigugumizi kidogo, maana binti yangu yuko alto. Nilipofika kwenye jina la kila sauti, watu walipiga makofi, besi wakapata marefu kuliko wote.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, mayai, maharage na kuku. Mkungu mmoja mkubwa wa ndizi ulinadiwa kwa ajili ya nauli ya kwaya. Bei ilipanda mpaka mzee mmoja, aliyekuwa besi katika kwaya hiyohiyo enzi za ujana wake, akaununua, akaulipia, akaubeba begani mwenyewe mpaka kwa mke wa mwalimu. "Huu ni wa nyumba iliyokaa jioni zote hizo bila baba," akasema. Yule mama akacheka, akafuta macho kwa upindo wa kitenge chake. Nyuma yetu soprano mmoja akaanza wimbo wa kupangiwa, na kabla hajafika "mchungaji" wenzake wote walikuwa wamekwisha kufunga midomo.