Wito wa Hatari Baharini: Kweli au Uongo?

Kutoka Adams Arcade, pale Ngong Road, hadi bahari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo wakazi wa mitaa hii hushuka Pwani kila likizo, wakapanda mashua za kwenda Kisite au za kuvua Watamu. Ndani ya mashua huenda kukawa na redio ya VHF, na nahodha akizidiwa, abiria ndiye atakayeishika. Haya ni madai matano yanayosikika mara kwa mara kuhusu redio hiyo.

"Ukisema meidei mara tatu, umemaliza."
UONGO. Neno hilo linawanyamazisha wengine wakusikilize, lakini haliwaambii uko wapi. Tuseme mashua iitwayo Kaskazi inawaka moto karibu na Kisite. Weka redio kwenye chaneli 16, nguvu ya juu, bonyeza kitufe cha kusemea, kisha sema polepole:

"Meidei, meidei, meidei. Hapa ni Kaskazi, Kaskazi, Kaskazi. Meidei, Kaskazi. Tuko maili tatu kusini mwa kisiwa cha Wasini. Injini inawaka moto. Tunahitaji kuokolewa haraka. Tuko watu wanane, wote wamevaa maboya. Ova."

Achia kitufe usikilize, maana ukikishikilia huwezi kumsikia anayekujibu. Kukiwa kimya, rudia. Mahali mlipo panatangulia maelezo mengine kwa sababu redio inaweza kuzimika katikati ya maneno. Kama una GPS, soma namba zake zilivyo. Kama huna, taja umbali na upande ukianzia kwenye alama inayojulikana. Ukisema tu kwamba Wasini iko kaskazini yenu, anayeandika anaweza kushika neno "kaskazini" na kuwatafuta upande mwingine wa kisiwa.

Kiswahili kinafaa kwa wavuvi na manahodha wa Pwani. Meli kubwa zinazoelekea bandari ya Mombasa nyingi zina mabaharia wageni, kwa hiyo ukiweza, rudia kwa Kiingereza.

"Injini ikizimika, piga meidei."
UONGO, mara nyingi. Meidei ni ya hatari kubwa iliyo karibu, inayotishia maisha au chombo. Injini ikizimika bahari ikiwa shwari na nanga imeshika, wito unaofaa ni "panpan", nao husemwa mara tatu vilevile. Lakini kama nanga haishiki na upepo wa kusi unawasukuma kwenye mwamba, hali imebadilika. Piga meidei, tena kabla ya kuugonga.

"VHF inafika popote."
UONGO. Mawimbi yake husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakatiza. Redio mbili za mkononi, kila moja ikiwa mita moja na nusu juu ya maji, zitasikilizana kwa kilomita kumi hivi. Mnara mrefu wa ufukweni utakusikia kwa makumi ya kilomita. Kwa hiyo simama, inua redio, na antena iwe wima. Anayeweza kukufikia kwanza huenda ni mashua ya jirani, na hapo VHF inaipita simu: simu humfikia mtu mmoja, ilhali chaneli 16 husikika kwa wote walio karibu waliofungua redio.

"Kitufe chekundu kinatosha."
UONGO. Redio nyingi zilizofungwa chomboni zina kitufe chenye kifuniko kilichoandikwa DISTRESS. Ukikishikilia kwa sekunde chache, hutuma kwenye chaneli 70 namba ya utambulisho wa chombo, na mahali kilipo iwapo GPS imeunganishwa. Hakisemi mko wangapi wala kama kuna majeruhi. Bonyeza, kisha zungumza kwenye chaneli 16. Redio nyingi za mkononi hazina kitufe hicho kabisa.

"Lazima utaje idadi ya watu."
KWELI. Bila idadi, waokoaji hawajui ni lini wamemaliza kazi. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Zanzibar, Septemba 10, 2011, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na idadi halisi ya waliokuwemo ilibaki ya kubishaniwa muda mrefu. Wanane wakitajwa na saba wakapatikana, utafutaji unaendelea.

Kituo cha kuratibu uokoaji baharini kipo Mombasa tangu 2006, lakini kinafanyia kazi kile unachokiambia. Kabla mashua haijang'oa nanga, muulize nahodha mambo matatu: redio iko wapi na iko chaneli gani, mashua inaitwaje, na tuko watu wangapi. Asipokuwa na majibu, usipande.