Hotspoti inakula data ya laini gani ukiwa na simu ya laini mbili?

Swali hili hutufikia mara nyingi jioni, na mara nyingi linakuja kama malalamiko: "Nimenunua bando, nimewasha hotspoti, baada ya dakika kumi kredo yote imeisha. Kwani bando langu limeenda wapi?" Bando huwa halijaenda popote. Liko pale pale, ila limekaa kwenye laini moja huku hotspoti ikikula kutoka kwa ile nyingine. Haya hapa ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi.

Hotspoti huchagua laini gani?

Hotspoti haichagui. Inachofanya ni kugawa intaneti ambayo simu yenyewe inatumia wakati huo. Simu ya laini mbili hutumia data ya laini moja tu kwa wakati mmoja, ile uliyoiweka kwenye mipangilio kuwa laini ya data. Laini unayopigia simu inaweza kuwa nyingine kabisa, na ile unayopokelea pesa pia. Simu inaweza kuwa inapiga kwa laini ya kwanza na kutumia data ya laini ya pili, na hapo hotspoti itafuata ya pili.

Ukitaka kuona au kubadilisha, kwa simu nyingi za Android ingia `Settings`, kisha `Network & internet`, kisha `SIMs`. Kwa Samsung ni `Settings`, `Connections`, `SIM manager`, halafu uangalie palipoandikwa `Mobile data`. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini unatafuta mahali panapokuuliza data itoke SIM 1 au SIM 2. Jina la hotspoti na nywila yake havibadiliki ukihamisha laini, kwa sababu ni vya simu, si vya laini. Waliounganishwa wanaweza kukatika kwa muda mfupi kisha warudi. Wasiporudi, zima hotspoti na uiwashe tena.

Nimelipia bando kwa laini ya kwanza. Mbona hotspoti haioni?

Hapa ndipo wengi huchomeka, kwa hivyo twende polepole.

Tuseme mama mwenye duka ana laini mbili. Ya kwanza ndiyo ya pesa: wateja humlipa huko na ujumbe wa malipo huingia huko. Ya pili aliichukua kwa sababu ya bei ya data, na ndiyo aliyoiweka kuwa laini ya data. Saa mbili usiku, binti yake anataka kutuma kazi ya chuo kwa laptopu. Mama anafungua menyu ya malipo kwenye laini ya pesa, ananunua bando la saa 24, na anapoulizwa ni la nani anachagua nambari yake mwenyewe. Malipo yanapita, ujumbe unaingia, anawasha hotspoti.

Sasa angalia kilichotokea. "Nambari yangu" kwenye menyu ile ni nambari anayolipia, yaani laini ya kwanza. Bando limetua huko. Lakini data ya simu inatoka laini ya pili, ambayo haina bando, ina kredo ya shilingi 60 tu. Kama laini hiyo inaruhusu kuvinjari bila bando, laptopu inaanza kula zile shilingi 60, na data bila bando ni ghali, kwa hivyo haichukui muda. Kredo ikiisha, intaneti inakatika. Bando la laini ya kwanza limelala bila kuguswa, na kesho saa mbili usiku litaisha muda wake.

Akitupigia hapo, jambo la kwanza analotaka ni kurudishiwa pesa. Haihitajiki. Bando halihami lenyewe kwenda laini nyingine, lakini data unaweza kuihamisha. Aende kwenye mipangilio, ahamishe `Mobile data` kwenda SIM 1, na binti aendelee na kazi. Zile shilingi 60 ndizo hazirudi. Wakati mwingine akitaka data ibaki laini ya pili, anaponunua achague kununulia nambari nyingine, kama menyu inaruhusu kwa mtandao huo, na aandike nambari ya laini ya pili.

Nikihamisha data, malipo ya wateja yatasumbuka?

Hapana. Ujumbe wa malipo na menyu ya kulipia kwa kubonyeza nyota na reli havitumii bando. Laini zote mbili zinabaki hewani hata kama data iko upande mmoja. Na pesa zilizo kwenye akaunti yako ya simu haziliwi na hotspoti. Kredo na pesa za akaunti ni vitu viwili tofauti, na pesa hazitoki bila wewe kuweka PIN.

Niliweka laini sahihi na bado kredo ya nyingine imeliwa. Inawezekana?

Inawezekana, na mhusika kwa kawaida ni swichi moja ndogo. Simu nyingi za sasa zina uwezo wa kuhamisha data zenyewe kwenda laini ya pili mtandao wa ya kwanza ukiwa dhaifu. Kwa Samsung inaitwa `Auto data switching`, iko ndani ya `SIM manager`. Kwa iPhone tafuta `Allow Cellular Data Switching` au `Allow Mobile Data Switching`. Nia yake ni nzuri, usikatike. Lakini kama laini ya pili ina kredo ya biashara na haina bando, maoni yetu ni uizime. Heri intaneti ikatike ujue kuna shida kuliko iendelee kwa kredo bila wewe kujua.

Unaweza pia kuuliza mtandao wako ukuzuilie kuvinjari bila bando kwenye laini ya pesa. Bando likiisha, data inasimama na kredo inabaki.

Mbona hotspoti hukatika nikipigiwa simu?

Hii ni dalili nzuri ya kujua data iko wapi. Kwa simu nyingi, ukizungumza kwa laini isiyo ya data, data ya ile nyingine husimama hadi umalize. Ukiona aliyeunganishwa analalamika kila unapopokea simu ya laini ya kwanza, basi hotspoti iko laini ya pili.

Nitahakikishaje kabla ya kumpa mtu nywila?

Angalia salio la data la laini zote mbili. Washa hotspoti, mwambie aliyeunganishwa afungue video fupi kwa dakika mbili, kisha angalia tena. Salio lililopungua ndilo linalolipa. Mitandao mingine huchelewa kidogo kuonyesha, kwa hivyo subiri dakika chache kabla ya kuamua.

Na kama mgeni wako ana laptopu ya Windows, mwombe aingie kwenye mipangilio ya waifai hiyo na kuwasha `Metered connection`. Laptopu huichukulia hotspoti kama waifai ya kawaida na inaweza kuanza kupakua masasisho makubwa kimyakimya, na bando la siku moja likaisha kabla hajafungua hata barua pepe.