Benki ya Maswali Yenye Mkaguzi

Wanafunzi 6 wa uuguzi wanapotaka kuanzisha benki ya maswali mtandaoni, barua pepe ya pendekezo haihitaji maneno mengi. Itaje kiungo cha lahajedwali na kiwango cha mchango, tuseme maswali 3 kwa wiki kwa kila mmoja. Swali liandikwe kwa maneno ya mchangiaji mwenyewe, pamoja na hatua za jibu na ukurasa wa kitabu.

Kanuni nzito ni ya ukaguzi: mwenzake alikokotoe kabla ya kuona jibu. Ndiyo maana majibu hukaa kwenye ukurasa wa pili.

Chukua swali hili. Mtoto ameandikiwa parasetamoli miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe kiasi gani? Mchangiaji ameandika mililita 3.3. Mkaguzi anapata 7.5, yaani 180 ÷ 120 × 5. Mwenzake alipindua mgawanyo, na hata kwa macho kosa linaonekana: 180 imezidi 120, basi dawa lazima izidi mililita 5.

Mkaguzi hafuti kitu. Huandika "lina utata" na hatua zake pembeni, kisha mchangiaji hurekebisha. Swali lisilo na jina la mkaguzi lisitumike kujipima.